Mama alidhani anadaiwa: meseji ya kusitisha huduma niliyoiandika upya

Simu iliingia saa kumi na moja na nusu jioni, Alhamisi tarehe 14 Agosti 2025, baridi ya Mbeya ile ya mwezi wa nane bado haijaachia, mi nishafunga laptop natafuta koti langu niondoke. Namba siijui. Nikapokea, sauti ya mama mtu mzima, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba haraka haraka afu akaniuliza swali ambalo mpaka leo nalisikia: "Mwanangu, hii laki na ishirini na tano mnanidai ya nini tena, si nimesema naacha?"

Nilikaa chini.

Niwape picha kidogo. Mi nafanya kazi kwenye kaofisi ka watu sita hapa Mbeya, tunatengeneza programu ya simu ya kutunza mauzo na madeni ya duka. Mwenye duka analipia kwa mwezi sh 20,000 au kwa mwaka sh 219,000, ukigawa hiyo ya mwaka kwa siku 365 unapata sh 600 kwa siku bila hata senti kubaki, na bei ilipangwa hivyo makusudi. Huyu mama ana duka la pembejeo Mbalizi, anauza mbolea, mbegu na dawa, wateja wake wengi ni wakulima wa viazi wa Umalila wanaochukua mifuko kwa mkopo wanalipa wakivuna. Alilipia mwaka mzima tarehe 12 Machi. Siku ile ya Agosti akaamua kuacha, kijana aliyekuwa anamwingizia mauzo ameondoka na yeye mwenyewe amerudi kwenye daftari lake la karatasi, ni haki yake. Akabonyeza kitufe cha kusitisha, na programu ikamtumia meseji ambayo ipo tangu siku ya kwanza na hakuna mtu ofisini aliyewahi kukaa akaisoma kama mteja. Nawawekea kama ilivyo:

```
Ndugu Mteja, ombi lako la kughairi usajili
limethibitishwa. Marejesho yako sawia ya
TZS 125,400.00 yatafanyika ndani ya siku 7
za kazi. Ufikiaji wako utakoma mwishoni mwa
kipindi cha malipo 2025-08-14 21:00:00.
```

Isomeni polepole kama mtu aliyesimama dukani huku mteja anasubiri mfuko wa mbolea.

Neno la kwanza lililomuumiza ni "marejesho". Aliyeliandika alikuwa na maana ya hela inayorudi kwa mteja, na kwenye kamusi hana kosa. Ila nendeni mkamuulize mama yeyote mwenye biashara Mbalizi, Mwanjelwa au Makambako marejesho ni nini. Marejesho ni ile hela unayopeleka kila wiki kwenye kikundi, ni ile unayotafuta asubuhi kabla afisa mikopo hajafika mlangoni. "Leo nina marejesho" maana yake leo nadaiwa. Kwa hiyo "marejesho yako ya TZS 125,400 yatafanyika ndani ya siku 7" yeye ameisoma kama mtu yeyote anayeishi na mikopo angeisoma: una siku saba za kutulipa.

Afu likaja "sawia". Hapo ndipo niliposhangaa lugha yetu inavyoweza kumgeuka mtu. Aliyeandika alikuwa anatafuta neno la hela inayokatwa kulingana na siku zilizobaki, yaani uwiano sawia tuliofundishwa kwenye hesabu. Lakini sawia ina maana nyingine ya zamani tu, ni papo hapo, mara moja. Mama ni mwalimu mstaafu, Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu, akaniambia yeye kaelewa ni "marejesho ya papo kwa papo". Kwa hiyo maneno mawili yaliyokaa pamoja, yote ni Kiswahili fasaha, na yakiungana yanamwambia mtu anayestahili kupewa hela kwamba anatakiwa kulipa hela, tena sasa hivi.

Nikamwambia mama hapana, hiyo hela ni yako, sisi ndio tunakupa wewe. Akanyamaza kidogo akasema "basi mngesema mnanirudishia".

Ndo hivyo tu. Mnanirudishia. Kitenzi chenyewe kina mtoaji na kina mpokeaji ndani yake, tu-na-ku-rudishia, huwezi kukisoma kinyume hata ukitaka. Nomino kama "marejesho" inaficha nani anampa nani, na kwenye mambo ya hela hicho ndo kitu cha kwanza mtu anataka kujua. Kesho yake asubuhi nikafungua ile meseji nikaanza kuiandika upya nikidhani ni kazi ya nusu saa, nibadilishe maneno mawili nirudi kwenye shughuli zangu. Ikanichukua siku nne, sababu kila sentensi niliyojaribu kuinyoosha ilinigomea, na kumbe haikuwa inagoma kwa ajili ya lugha. Ilikuwa inagoma kwa sababu sisi wenyewe hatukuwa tumeamua.

Angalieni sentensi ya mwisho. "Utakoma mwishoni mwa kipindi cha malipo", halafu imebandikwa tarehe 14 Agosti. Mwisho wa kipindi chake cha malipo ni tarehe 11 Machi 2026, mwaka wake unaishia hapo. Sasa kipi ni kipi, anatumia mpaka Machi au mpaka leo? Nikafukua nikakuta kuna namna mbili za kusitisha na zote zinatumia meseji moja. Namna ya kwanza mteja anasema msinikate tena mwakani, yaani anaendelea kutumia mpaka siku zake ziishe na harudishiwi kitu kwa sababu hakuna siku iliyopotea. Namna ya pili anasema naacha leo, huduma inakatika leo na anarudishiwa hela ya siku ambazo hatazitumia. Mtu aliyeandika sentensi ile alikuwa na namna ya kwanza kichwani, baadaye mwingine akaongeza hela ya kurudisha kwa ajili ya namna ya pili, na hakuna aliyetoa ile ya zamani. Zikaolewa nyumba moja.

Siku moja haiwezi kutumika na hapo hapo ikarudishiwa hela. Nikishaandika hilo kwenye karatasi na kulibandika ukutani kazi ikawa rahisi: zikawa meseji mbili tofauti kabisa, ya "hutakatwa tena" na ya "umeacha leo", na hakuna sentensi inayoruhusiwa kuhama kutoka moja kwenda nyingine. Hapa naongelea hii ya pili kwa sababu ndo yenye hela ndani, ile ya kwanza ni fupi na haina shida kubwa.

Tuje kwenye hesabu yenyewe. Mama ameanza tarehe 12 Machi, ameacha tarehe 14 Agosti. Machi ametumia siku 20, Aprili 30, Mei 31, Juni 30, Julai 31, Agosti 14, jumla siku 156. Zimebaki 209. Mara 600 unapata 125,400, sawasawa na ile iliyoandikwa. Ila ona, nimehesabu tarehe 14 kama siku iliyotumika. Ningeweza kusema ameacha tarehe 14 kwa hiyo siku hiyo tumrudishie, zingekuwa siku 210 na sh 126,000. Tofauti ni mia sita tu, lakini mteja anayejua kuhesabu akikaa na kalenda akapata 210 na wewe umemwandikia 209, hakuamini tena hata ukimtumia hela yote. Kwa hiyo tukakubaliana: siku unayoacha ni yako, unaitumia mpaka mwisho wake, na inahesabika. Hesabu ya hela na hesabu ya mwisho wa huduma zikawa zinaongea kitu kimoja, ukizijumlisha siku alizotumia na alizorudishiwa unapata 365, haizidi haipungui.

Kulikuwa na ubishi mwingine mkubwa zaidi na huu ulikuwa na dada wa mahesabu. Yeye alikuwa na hoja: mteja wa mwaka anapata bei nafuu kwa sababu ameahidi mwaka, asipomaliza mwaka basi zile alizotumia tuzihesabu kwa bei ya mwezi. Kwa namna hiyo mama ametumia miezi mitano na siku tatu, mwezi ulioanza unahesabika mzima, inakuwa miezi sita mara 20,000 ni 120,000, kwa hiyo anarudishiwa 99,000. Tofauti ya 26,400 na hesabu ya siku. Na kusema ukweli zote mbili ni hesabu halali, zipo kampuni zinafanya hivi na zipo zinafanya vile. Kosa ni kumwambia mtu moja wakati wa kulipa na nyingine wakati wa kuondoka. Nikafungua ukurasa wetu wa malipo, ule anaouona mteja kabla hajabonyeza lipia, umeandikwa "ukiacha mapema utarudishiwa hela ya siku zilizobaki". Siku. Haijatajwa bei ya mwezi popote. Ubishi ukaishia hapo. Akisema dada wa mahesabu anataka kubadilisha, abadilishe kwanza pale mlangoni, na iwahusu wanaoingia baada ya hapo, sio mama aliyeingia Machi.

Mama pia alikuwa anakumbuka kwamba alilipa 269,000 na sio 219,000. Kweli, elfu hamsini ilikuwa ya kijana wetu kwenda Mbalizi kumfungia na kumfundisha, hiyo imeshafanyika hairudi. Sikuiweka kwenye meseji maana ingejaa, ila kwenye meseji nimeandika ni hela ya siku ngapi, na akipiga simu anayepokea anaiona elfu hamsini peke yake kwenye stakabadhi. Ukitaja idadi ya siku mtu anaweza kujihakikishia mwenyewe. Ukitaja "uwiano" hana pa kushika.

Sasa saa. Hapa ndo sehemu niliyoumia nayo zaidi kwa sababu ilimgharimu mama usiku wake.

Ile meseji ilisema 21:00:00. Mama akajua inakatika saa tatu usiku. Yale madeni ya wakulima wake yote yapo mle, nani amechukua mifuko mingapi, amelipa kiasi gani, na kwenye karatasi hajayahamishia bado. Tulipoongea jioni ile sikujua kama ameisoma hivyo, nilimweleza ya hela tu tukaagana. Akafunga duka mapema, akakaa na kandili maana umeme ulikuwa umekatika, akanakili madeni kwa mkono kurasa kwa kurasa akikimbizana na saa tatu. Alinionyesha lile daftari baadaye, mwanzo wa kurasa mwandiko ni wa mwalimu kabisa, herufi zimekaa kwenye mstari, kufika kurasa ya tano zinaanza kulala, ya mwisho kuna majina hayana hata kiasi. Na kumbe huduma haikukatika saa tatu. Ilikatika saa sita usiku.

Kilichotokea ni hiki. Seva inatunza muda kwa saa za dunia, zile za UTC, na sisi Tanzania tupo mbele saa tatu mwaka mzima, hatuna kupandisha wala kushusha saa. Kwenye kumbukumbu ilikuwa imeandikwa hivi:

```
ends_at: 2025-08-14T21:00:00Z
```

Hiyo Z mwishoni maana yake ni saa za dunia. Kwa Mbeya ni saa 00:00 ya tarehe 15, saa sita usiku. Programu ilichukua maandishi yale ikayabandika kwenye meseji ikatupa Z, na ikitupwa Z hakuna tena wa kumwambia msomaji kwamba saa hiyo sio ya ukutani kwake. Dawa yake kwa developa, ends_at ikishasomwa kama muda pamoja na Z yake na sio maandishi tupu, ni mistari miwili tu:

```
from zoneinfo import ZoneInfo
mwisho = ends_at.astimezone(
    ZoneInfo("Africa/Dar_es_Salaam"))
```

Ila msidhani mkishafanya hivyo mmemaliza. Ukigeuza unapata "2025-08-15 00:00", na ukimwandikia mtu "mpaka tarehe 15 Agosti" atajua tarehe 15 yote ni yake, kumbe inakatika sekunde ile tarehe 15 inaanza. Ukiandika "saa 6 usiku tarehe 15" wengine wataelewa ni usiku wa tarehe 15, yaani siku nzima imeongezeka. Nilihangaika na hii nikajaribu 23:59, ikawa mbaya zaidi, saa 23 kwa mtu anayehesabu saa kuanzia asubuhi ni kitu cha kukalia na kufikiria.

Jibu lilikuwa mdomoni mwa watu muda wote. Redioni na misibani tunasemaje? "Amefariki usiku wa kuamkia Ijumaa." Hakuna Mtanzania anayeuliza ni usiku upi. Saa 6 usiku wa kuamkia Ijumaa tarehe 15. Inataja usiku unaotoka na siku inayokuja kwa pamoja, na haiwezi kukosewa siku. Nilifurahi sana siku hiyo.

Pia tarehe. 2025-08-14 ni ya mashine, na 8/9 huwezi kujua ni Agosti au Septemba, kwa hiyo jina la mwezi kwa herufi na jina la siku ya wiki mbele yake. Jina la siku linasaidia sana, mtu akisikia Jumatano anajua ni siku ya mnada au ya kanisa, anaipanga, tarehe tupu inabidi atafute kalenda.

Na "siku 7 za kazi". Mama anafungua duka mpaka Jumapili baada ya ibada, kwake kila siku ni ya kazi. Ofisini tunamaanisha Jumatatu mpaka Ijumaa bila sikukuu, na mwezi wa nane kuna Nane Nane, siku ambayo nusu ya Mbeya ipo viwanja vya John Mwakangale. Kwa nini nimwachie yeye kutoa siku ambazo mi nazijua? Hela za kurudisha tunazituma kila Jumanne na Ijumaa. Aliyeacha Alhamisi anaingia kwenye fungu la Ijumaa, likikwama basi la Jumanne, tukiongeza siku moja ya dharura ni Jumatano tarehe 20. Mashine inajua yote haya, iandike tarehe. Na iandike "mwisho Jumatano", nilikuwa nimeweka "kabla ya Jumatano" nikaona nayo inabishaniwa, Jumatano yenyewe imo au haimo.

Kitu kilichonitisha kuliko vyote nilikigundua asubuhi ile ya kwanza, Ijumaa, na kama nisingekuwa naandika sentensi ya "hela itaingia wapi" nisingekiona. Sheria yetu ilikuwa hela inarudi ilikotoka. Kwa malipo ya kadi ni sheria nzuri, inazuia mwizi asijirudishie hela kwenye akaunti yake. Lakini mama Machi alilipia kwa wakala, alimpa keshi dirishani wakala akalipa kwa simu yake ya biashara. Kwa hiyo kwa mashine hela "ilikotoka" ni kwa wakala. Laki moja na ishirini na tano elfu na mia nne ilikuwa imepangwa kwenda kwa wakala, Ijumaa, na meseji ya zamani wala isingetaja namba. Fungu la Ijumaa ile tukalisimamisha mpaka mchana. Sasa kabla mtu hajathibitisha kuacha, programu inamuuliza hela iende namba gani, inamwonyesha jina lililosajiliwa kwenye ile namba alione mwenyewe, na kwenye meseji tunataja tarakimu tatu za mwisho. Tatu zinatosha mtu kuitambua namba yake, na anayechungulia simu hapati namba nzima.

Nikataka kuweka linki ya kubadilisha namba. Nikaifuta. Nchi hii kila mtu ameshatumiwa "ile hela itume kwenye namba hii", meseji yoyote ya hela yenye kitu cha kubonyeza inanukia utapeli, na inatakiwa inukie. Meseji yetu haimwombi chochote: hakuna linki, hakuna namba ya siri. Kuna namba ya ofisi ya kupiga, kwa sababu meseji inayokuja kwa jina la kampuni badala ya namba huwezi kuijibu, mtu akijibu anaongea na ukuta.

Hii hapa, kama ingemfikia mama siku ile:

```
Umesitisha huduma leo Alhamisi 14 Agosti.
Utaitumia mpaka saa 6 usiku wa kuamkia Ijumaa
tarehe 15. Tunakurudishia sh 125,400 za siku
209 ulizolipia na hujazitumia. Zitaingia namba
inayoishia 417 mwisho Jumatano 20 Agosti. Huna
cha kulipa. Daftari la madeni utaliona mpaka
13 Septemba. Piga 07XXXXXXXX
```

Herufi 300 na nafasi zake, mistari nimeikata hapa tu ili isomeke. Meseji moja inabeba herufi 160, zikiunganishwa kila kipande kinabeba 153, kwa hiyo vipande viwili ni 306 na tumeponea hapo. Sasa sikilizeni hii maana ilitula hela miezi mingi bila kujua. Meseji zetu nyingine ziliandikwa kwenye programu ya kuandikia barua, ile inayogeuza alama ya king'ong'o iliyonyooka kuwa iliyopinda. Majina ya huku kwetu yenye ng' ndani ni mengi, ya maduka na ya watu. Ile iliyonyooka ipo kwenye herufi za kawaida za meseji, GSM-7. Iliyopinda haipo, na ikiingia hata moja meseji nzima inahamishwa kwenye mfumo mwingine ambao kipande kinabeba herufi 67 tu. Meseji ya vipande viwili kama hii inakuwa vitano, unalipia mara mbili na nusu, na kwa simu ndogo za zamani vipande vinaweza kufika kimoja kimoja, mtu anasoma "Tunakurudishia sh" anakaa anasubiri.

Ile ya daftari la madeni sikuwa nayo mwanzo. Nilikuwa nimeandika "huduma inakatika" nikaona imetosha. Lakini kwa mama kukatika kwa huduma hakukuwa kushindwa kuingiza mauzo mapya, hilo alishaliacha, kwake ilikuwa ni wale wakulima wa Umalila na mifuko yao. Tukakubaliana ofisini kwamba baada ya kuacha mtu anaweza kuona na kupakua kumbukumbu zake siku 30 bila kuongeza kitu, na sentensi ikaingia na tarehe yake. Kabla ya hapo programu ilikuwa inafunga vyote kwa pamoja usiku ule ule, madeni na mauzo, na nasema wazi haikuwa sawa, kumbukumbu ni za mwenye duka.

Na "huna cha kulipa", dada wa mahesabu aliona inajirudia kwa kuwa tumeshasema tunakurudishia. Niliikatalia kuitoa. Herufi kumi na sita zile ndo zinamjibu mama swali alilonipigia nalo simu.

Kabla haijaanza kutumika niliizungusha kwenye simu yangu. Nilimpa anayetupikia chakula cha mchana pale Kabwe, bodaboda mmoja, na mlinzi wa jengo. Sikuwauliza kama wameelewa, kila mtu husema ameelewa. Nilimuuliza kila mmoja: unapewa hela au unatoa? Lini ni mara ya mwisho kuifungua hii programu ukaingiza mauzo? Wote watatu la hela walilipata. La saa, bodaboda alisema "leo usiku ikiingia kesho imekatika", na hapo nikatulia. Mlinzi ndiye aliyenipa kitu kipya, alidhani 209 ni shilingi na 125,400 ni jumla ya kitu kingine, kwa sababu rasimu ya siku ile ilikuwa "sh 125,400 (209)". Nikaongeza neno siku.

Mama hela yake ilitoka Ijumaa ile ile tarehe 15, saa nane mchana, kwenye simu yake mwenyewe. Nilimpigia kumwambia asitoe yote mara moja kama hana haja nayo maana makato ya kutoa ni yake na sisi hatuwezi kuyafidia, akasema anajua. Wiki iliyofuata nikapanda daladala mpaka Mbalizi na meseji mpya kwenye simu, nikampa aisome kwa sauti. Aliisoma kama anasomea darasa, akasimama kwenye nukta, akafika mwisho akarudi kwenye "kuamkia Ijumaa" akatikisa kichwa kukubali. Afu akaniambia nimtolee yale madeni kwenye karatasi. Tulienda steshenari ya jirani yakatoka kurasa nne, akayalinganisha na daftari lake la kandili, jina kwa jina, na yale majina yaliyokosa kiasi akayajaza kwa kalamu nyekundu pale pale kaunta. "Ndaga fijo," akasema, asante sana ya Kinyakyusa, akakunja zile karatasi akaziweka ndani ya daftari, mteja wa dawa ya viazi alikuwa ameshafika anasubiri.